Malimbikizo ya milioni tatu: kupunguza mkopo wa asilimia 17 au kununua vipande?

Mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, mtumishi wa umma, aliingiziwa malimbikizo ya mshahara baada ya daraja lake kurekebishwa. Tuseme ni Sh 3,000,000, kwa sababu namba za kisa hiki nimezizungusha kidogo ili zifuatike. Alikuwa na mkopo wa benki unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, na wazo lake la kwanza lilikuwa kwenda kuupunguza. Kaka yake, anayefuatilia mambo ya uwekezaji, alimpinga: "Usiwarudishie benki hela yao mapema, dada. Kanunue vipande UTT, hela ijizalie." Vipande ni sehemu ndogondogo za mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama ile inayosimamiwa na UTT AMIS, taasisi ya Serikali. Mwalimu akaja kwangu na taarifa ya mkopo mkononi, akitaka hesabu badala ya ushauri.

Hesabu huanzia kwenye taarifa ya mkopo, kabla hatujagusa uwekezaji. Mwalimu alikopa Sh 12,000,000 kwa miaka mitano, riba asilimia 17 kwa mwaka, ikitozwa kila mwezi kwenye salio linalopungua. Rejesho lake ni Sh 298,231 kwa mwezi. Alikuwa ameshakatwa miezi 24, akabakiza 36, na salio la deni lilisomeka Sh 8,364,900. Ada ya mkopo na bima alikatwa siku anachukua pesa. Zile zimekwenda, na hazirudi alipe mapema au alipe kwa wakati, kwa hiyo hazina nafasi kwenye uamuzi wa leo.

Jambo la kwanza lililomtatiza ni kwamba katika miezi 24 alikuwa amelipa zaidi ya Sh 7,150,000, lakini deni lilikuwa limepungua kwa Sh 3,635,000 tu. Nusu nzima ilikuwa imeliwa na riba. Mtu kazini alimwambia kwamba kwa kuwa benki "huchukua riba yote mwanzoni", kulipa sasa ni kuchelewa, afadhali aache mkopo uende wenyewe. Maneno haya nimeyasikia kwa watumishi wengi, na yamewazuia wengi kufanya hesabu.

Benki haikuchukua riba ya mbele. Kila mwezi ilichukua asilimia 17 gawanya kwa 12, yaani karibu asilimia 1.417, ya deni lililokuwepo mwezi ule. Mwanzoni deni lilikuwa kubwa, kwa hiyo na riba ilikuwa kubwa. Mwezi wa 25 itatoza kiwango kilekile kwenye Sh 8,364,900, na hiyo ni Sh 118,503. Mwalimu akipunguza milioni tatu leo, mwezi huo itatozwa Sh 76,003. Tofauti ni Sh 42,500. Iwe mkopo una mwezi mmoja au una miaka minne, shilingi inayoondoka kwenye deni inaokoa riba ileile kwa kila mwezi ambao ingebaki inadaiwa. Kinachopungua kadiri mkopo unavyozeeka ni idadi ya miezi iliyobaki ya kuokolea.

Kwa hiyo tayari tuna namba ya upande mmoja: milioni tatu ikiingia kwenye mkopo "inazaa" Sh 42,500 mwezi wa kwanza. Haina kodi, haina kupanda na kushuka. Upande wa pili unatakiwa uifikie hiyo.

Kaka alikuwa ametaja Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, na kwa mtu wa kipato cha mwalimu ni chaguo la busara: vipande vinanunuliwa kwa kiasi kidogo na kuuzwa ndani ya siku chache za kazi. Tulichukua faida ya asilimia 12 kwa mwaka kuwa makadirio ya haki. Haijaahidiwa na mtu, inategemea riba ambazo mfuko wenyewe unapata kwenye hati fungani na amana za benki, lakini si ndoto. Asilimia 12 kwa mwaka ni karibu asilimia 0.95 kwa mwezi. Milioni tatu ingezaa kama Sh 28,500 mwezi wa kwanza.

Sh 42,500 dhidi ya Sh 28,500. Nilidhani mjadala umeisha hapo.

Haukuisha, kwa sababu kaka alipigiwa simu akaleta hoja ambayo ukiisikia mara ya kwanza inaonekana ngumu kweli kuijibu. Alisema hivi: kwenye taarifa ya benki, riba iliyobaki kwa miaka mitatu yote ni Sh 2,371,000 hivi. Ukiigawa kwa deni la Sh 8,364,900 unapata asilimia 28. Lakini milioni tatu kwenye mfuko kwa asilimia 12, faida ikiwa inaongezwa juu ya faida, baada ya miaka mitatu inakuwa Sh 4,215,000, yaani imekua kwa asilimia 40. "Mkopo unakula 28, mfuko unazaa 40. Mkopo unashuka, uwekezaji unapanda. Sasa kwa nini alipe?"

Kila namba aliyoitaja ni sahihi. Hoja hii inazunguka sana kwenye makundi ya uwekezaji, na inamshinda mtu kwa sababu akiikagua kwa kikokotoo haoni kosa. Kosa liko kwenye kile alichogawia. Asilimia 28 imepatikana kwa kugawa riba ya miaka mitatu kwa deni la siku ya kwanza, wakati mwalimu hatadaiwa Sh 8,364,900 kwa miaka mitatu. Kila mwezi mshahara wake unalimega deni. Ukichukua wastani wa deni katika miezi hiyo 36, unapata kama Sh 4,650,000. Riba ya Sh 2,371,000 kwenye deni hilo la wastani ni asilimia 51 kwa miaka mitatu, ndiyo 17 mara tatu. Mkopo haukuwa rahisi kuliko ulivyoandikwa. Ulionekana rahisi kwa sababu mshahara wa mwalimu ulikuwa unaulipa, na kaka hakuuhesabu mshahara huo popote.

Njia ya kumaliza ubishi huu ni moja tu. Chukua pesa zilezile, mshahara uleule, siku ileile ya mwisho, kisha uliza mwalimu ana nini mkononi kwa kila njia. Siku ya mwisho ni mwezi wa 36 kuanzia leo, kwa kuwa ndipo mkopo ungeisha wenyewe.

Njia ya kaka: milioni tatu zinaingia kwenye mfuko, mkopo unaendelea kukatwa kama kawaida. Mwezi wa 36 mkopo umeisha, na kwenye mfuko kuna Sh 4,215,000.

Njia ya mwalimu: milioni tatu zinaingia kwenye mkopo, deni linabaki Sh 5,364,900, rejesho la kila mwezi halibadiliki. Mkopo unaisha mwezi wa 21, na rejesho la mwisho ni dogo kidogo kuliko mengine. Hapo ana miezi 15 ambayo Sh 298,231 hazikatwi tena. Ili tuwe wa haki, pesa hizo nazo, pamoja na kilichobaki kwenye rejesho la mwisho, aziweke kwenye mfuko uleule wa kaka, kwa asilimia zilezile 12. Mwezi wa 36 anakuta kama Sh 4,813,000.

Karibu laki sita zaidi, na kinachotoka kwenye mshahara, kiende kwenye mkopo au kwenye mfuko, ni kilekile kwa miezi yote 36. Mtu akipenda kuhesabu riba peke yake, kupunguza deni kunaokoa kama Sh 1,500,000 na mfuko unazaa Sh 1,215,000, pengo la laki mbili na themanini hivi. Lakini hesabu hiyo nayo ina kasoro, kwa sababu inasahau kwamba njia moja imemwachia mwalimu mshahara wake miezi 15 kabla. Ndiyo maana pengo halisi ni kubwa zaidi.

Kuna sharti, nalo nilimwambia waziwazi: laki sita hizo zipo kama miezi 15 ile pesa inawekwa kweli. Ikiishia sokoni kila mwezi, atakuwa ameila, hajaipoteza, lakini asitegemee kuikuta kwenye mfuko.

Anayetaka kurudia hesabu hii kwa mkopo wake hahitaji zaidi ya jedwali la kompyuta au la simu. Fomula ya kwanza inatoa rejesho, ya pili inatoa miezi iliyobaki baada ya deni kupunguzwa:

```
=PMT(17%/12,60,-12000000)
=NPER(17%/12,-298231,5364900)
```

Ya kwanza inatoa 298,231, ya pili 20.9. Rejesho likipishana sana na linalokatwa kwenye mshahara wako, basi ama riba si ile uliyoambiwa, ama kuna kitu kingine ndani ya makato, kama bima ya kila mwezi. Ulizia kabla ya kuendelea.

Kaka hakukata tamaa. Kama 12 haitoshi, vipi hati fungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba? Benki Kuu inapokea zabuni za watu binafsi kuanzia Sh 1,000,000, riba inalipwa mara mbili kwa mwaka, na haikatwi kodi ya zuio ya asilimia 10 inayokatwa kwenye riba ya amana ya benki. Ya miaka 25 iliwahi kulipa kuponi, yaani riba hiyo kwa mwaka, ya asilimia 15.95, kabla ya kuponi kushushwa mwaka 2022 hadi 12.56.

Hata tukichukua ile ya juu, ya 15.95, haifiki. Asilimia 17 inayotozwa kila mwezi, ukiihesabu kwa mwaka mzima riba ikiwa juu ya riba, ni sawa na asilimia 18.4. Kuponi ya 15.95 inayolipwa mara mbili kwa mwaka, ikiwekezwa tena kwa kiwango hichohicho, ni kama 16.6. Na mwalimu hana miaka 25, ana miezi 36. Akitaka kutoka katikati atauza hati yake sokoni kwa bei ya siku hiyo, na kama hati mpya zinatolewa kwa riba ya juu kuliko ya kwake, mnunuzi atamlipa chini ya alichonunulia. Hati fungani ni mali nzuri kwa mtu asiye na deni la asilimia 17. Nilisema vivyo hivyo kuhusu hisa: kuna mwaka hisa za soko la Dar es Salaam humpa mtu zaidi ya 18.4, lakini kulinganisha mwaka mzuri wa hisa na riba ambayo benki itaikata mvua inyeshe au jua liwake, huko ni kubahatisha.

Kwa hesabu peke yake, basi, milioni tatu zote ziende benki. Mimi nilikataa, kwa sababu ya kitu ambacho hakimo kwenye jedwali.

Nilimuuliza mwalimu ana akiba gani nje ya malimbikizo haya. Laki mbili, kwenye simu. Ana watoto wawili shule na mama mzee kijijini. Pesa ikishaingia kwenye mkopo haitoki tena. Akipata dharura mwezi wa nne, benki haimrudishii alichopunguza. Itamwambia aongeze mkopo, na kuongeza ni mkopo mpya: ada mpya, bima mpya, miezi inaanza kuhesabiwa upya. Au atakimbilia mikopo ya simu. Tuseme akope Sh 500,000 kwa gharama ya asilimia 10 kwa mwezi, akae nayo miezi mitatu: Sh 150,000 zimekwenda, hata bila kuhesabu adhabu za kuchelewa. Dharura mbili tatu za namna hiyo zinameza sehemu kubwa ya laki sita tuliyokuwa tunaishangilia.

Hapa ndipo kaka alikuwa na haki, ingawa kwa sababu tofauti na aliyoitoa. Mfuko wa Ukwasi haulipi kuliko mkopo, lakini unaachia pesa. Tukakubaliana Sh 1,200,000 ziingie kwenye vipande kama akiba ya dharura, na Sh 1,800,000 ziende kwenye mkopo. Gharama ya kushikilia akiba hiyo inajulikana: kwenye mkopo ingeokoa Sh 17,000 mwezi wa kwanza, kwenye mfuko itazaa kama Sh 11,400. Anatoa Sh 5,600 kwa mwezi ili asilale na wasiwasi. Kwa maoni yangu hiyo ni bei nafuu. Kwa nini milioni moja na laki mbili hasa? Ni karibu miezi mitatu ya matumizi ya nyumba yake yasiyokwepeka. Mwenye mwenza anayeingiza kipato angeweza kushikilia kidogo zaidi ya nusu ya hiyo.

Baada ya Sh 1,800,000 deni linakuwa Sh 6,564,900. Rejesho likibaki Sh 298,231, mkopo unaisha mwezi wa 27, rejesho la mwisho likiwa kama Sh 170,000, na riba inayookolewa ni Sh 1,012,000.

Kilichobaki kilikuwa utekelezaji, na huko ndiko kesi nyingi za namna hii huharibikia. Mwalimu aliweka pesa kwenye akaunti ya mkopo kupitia dirishani, akapewa risiti, akaondoka. Mwezi uliofuata aliomba taarifa. Riba iliyotozwa: Sh 118,503. Hapo tu ilitosha kujua. Kama deni lingekuwa limepunguzwa, riba ingekuwa Sh 93,003. Benki ilikuwa imeipokea pesa kama marejesho ya mbele: imekaa pembeni ikisubiri kulipia miezi ijayo, deni linatozwa riba nzima. Si wizi wala uzembe mkubwa. Mfumo ukiletewa pesa bila maelekezo huichukulia hivyo. Lakini kwa mteja ni hasara ya pande mbili: hapati riba ya mfuko wala haokoi riba ya mkopo.

Dawa yake ni barua, fupi, yenye namba ya akaunti ya mkopo, kiasi, na maneno mawili yasiyokosewa: pesa ipunguze salio la deni, na muda wa mkopo ufupishwe huku rejesho likibaki palepale. Kabla ya barua, uliza kama mkataba una ada ya kulipa kabla ya wakati. Kama ipo, itoe kwenye Sh 1,012,000 uone kama bado inafaa. Baada ya barua, dai jedwali jipya la marejesho, na mwezi unaofuata angalia mstari mmoja tu, wa riba.

Benki ikiachiwa ichague, mara nyingi itabakiza miezi 36 na kushusha rejesho. La mwalimu lingeshuka hadi Sh 234,056, na riba ya kuokoa ingeonekana Sh 510,000, nusu ya ile nyingine. Tahadhari, tusirudie kosa la kaka kwa mlango wa nyuma: nusu hiyo nyingine haijapotea yote, kwa sababu kila mwezi Sh 64,000 zinabaki mfukoni mwa mwalimu, na zikiwekezwa zinarudisha sehemu yake. Nilimshauri muda mfupi kwa sababu nyingine kabisa. Rejesho likishuka, nafasi ya kukatwa mshahara inafunguka, na siku mbili tatu baadaye simu ya afisa mikopo inaita kumwambia "unastahili kuongezewa". Yeye mwenyewe alicheka akasema anajijua. Lakini mtu ambaye makato yamemkaba hadi kwenye theluthi ya mshahara isiyoguswa, na kila mwezi anakopa ili afike tarehe ya mshahara, huyo achukue rejesho dogo.

Kuna tarehe nyingine aliyoiandika kwenye kalenda: mwezi wa 26. Makato ya mshahara yanapitia kwa mwajiri, na mfumo wa mwajiri unajua miezi 60 ya awali. Mkopo unaweza kuwa umeisha na mshahara ukaendelea kukatwa, kisha ukaanza safari ya kudai marejesho. Barua ya kumaliza mkopo iombwe mwezi mmoja kabla, nakala ifike kwa afisa utumishi.

Mwishoni mwalimu akatoa karatasi ya pili. Alikuwa na deni la mkopeshaji binafsi, Sh 1,000,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 10 isiyopungua. Ilionekana nafuu kuliko ya benki, kumbe kwa kuwa riba ilipigwa kwenye milioni nzima wakati deni linapungua kila mwezi, kiwango chake halisi ni karibu asilimia 18 kwa mwaka. Kwa mantiki ya yote yaliyotangulia, hilo ndilo lingepaswa kulipwa kwanza. Alikuwa amebakiza marejesho matano ya Sh 91,667. Nikamwambia apige simu aulize akilipa yote leo atadaiwa kiasi gani. Akajibiwa Sh 458,333, yaani matano yote kamili, bila kupunguziwa hata senti ya riba ya miezi ijayo. Basi kulipa mapema kungemwokolea sifuri, huku pesa ileile kwenye vipande ikizaa kidogo. Deni hilo aliliacha likatike mwezi kwa mwezi hadi likaisha.

Na kama mkopo wake mkubwa ungekuwa wa SACCOS, asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, ningempa jibu tofauti. Milioni tatu ingeokoa Sh 30,000 kwa mwezi, mfuko ungezaa Sh 28,500. Kwa tofauti ya Sh 1,500 ningemwambia amsikilize kaka yake.